Isnadi ya Chupa ya Achari

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wasindikaji wadogo wa vyakula, Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, ila nimeruka pale jenereta liliponikatiza.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie hadithi ya mwanzilishi, yaani yale maneno mnayoyaandika nyuma ya lebo au juu ya ukurasa wenu wa Instagramu mkieleza biashara ilianzaje. Mimi ndiyo kazi inayonilisha, kuwaandikia watu maneno hayo. Kabla sijapanda hapa nimepita kwenye meza za nyuma mlipopanga bidhaa zenu, nikasoma lebo moja baada ya nyingine. Zenye hadithi nimezihesabu 23. Katika hizo, 14 zina bibi. Bibi ana siri, siri ni ya viungo, mjukuu kairithi, akakaa nayo moyoni, halafu siku moja akaamka na ndoto. Sina ugomvi na bibi wa mtu yeyote. Lakini mabibi 14 wa mji mmoja wakiwa na siri ileile, hiyo imekuwa habari ya sokoni.

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Hadithi ni ile ya sungura na fisi. Msimulizi akisema paukwa nawe ukaitikia pakawa, umeshakubali kudanganywa kwa raha zako. Na hadithi ni maneno yaliyopokewa kutoka kwa Mtume, ambayo wanazuoni hawayakubali mpaka wajue nani kayapokea kwa nani, kama mpokezi alikuwa mkweli, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, na kama aliwahi kweli kukutana na huyo anayedai kumsikia. Mnyororo huo ndio isnadi. Sisemi lebo ya achari ni jambo la dini, Mungu aniepushe. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wa hapa kwetu kalelewa na masikio yote mawili. Ukimwanzia na “tangu enzi za bibi”, anafungua sikio la paukwa. Atatabasamu, pengine hata atanunua, ila hakuamini, na siku jirani yako wa mezani akishusha bei ya shilingi 500 anahamia kule.

Nitawapa kisa kimoja tu na kukifuata mpaka mwisho. Mwenyewe yupo humu ukumbini, kaniruhusu nikisimulie mradi nisimtaje jina. Tumwite mama achari. Anatengeneza achari ya embe, na lebo aliyonijia nayo ilisema hivi:

“Tangu nikiwa mdogo nilipenda kupika. Nilirithi siri ya achari kutoka kwa bibi yangu. Nilipitia changamoto nyingi lakini sikukata tamaa. Siku moja niliamka nikaamua kutimiza ndoto yangu. Leo najivunia kuwaletea Watanzania ladha halisi ya pwani.”

Nikamuuliza, “Bibi alikuwa anatia nini kwenye achari yake?” Akanyamaza. Kisha akacheka mwenyewe. Bibi yake ni wa Lushoto, kalima maharage maisha yake yote, na achari aliionja mara ya kwanza kwa mjukuu wake huyuhuyu.

Sasa msimwone mwongo. Alifanya wanachofanya watu wengi, wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1995, mwezi wa Septemba, kijana mmoja wa California, Pierre Omidyar, alifungua mnada kwenye mtandao, ule ambao baadaye dunia iliujua kwa jina la eBay. Kwa miaka watu waliambiwa kwamba aliuanzisha ili mchumba wake apate wa kubadilishana nao vibweta vya peremende vya Pez, vile vyenye kichwa cha katuni. Hadithi tamu: kuna mapenzi, kuna peremende, inakaa kwenye sentensi moja. Ilitungwa mwaka 1997 na ofisa uhusiano wa kampuni, kwa sababu waandishi wa habari hawakuvutiwa alipowaeleza habari ya soko huru la mtandaoni. Mwaka 2002 ikatoka kitabuni kwamba ni ya kutunga. Na angalieni ilivyotungwa kwa ustadi: mchumba yupo kweli, na vibweta alikuwa anavikusanya kweli. Kilichobuniwa ni kiungo tu, lile neno “kwa hiyo”. Uongo wa hadithi za waanzilishi mara nyingi unakaa hapo. Vitu vyote vinaweza kuwa vya kweli, na sababu iliyoviunganisha ikawa ya kupandikiza.

Kinachonisikitisha ni kwamba walikuwa na kisa cha kweli kilichokuwa kizuri zaidi. Kitu cha kwanza kuuzwa pale, kama kampuni yenyewe inavyosimulia, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, ile ya kuelekezea ubaoni, tena mbovu. Iliuzwa dola 14.83. Omidyar akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu. Akajibiwa kwamba anajua, yeye anakusanya kalamu za leza mbovu. Hapo umeshaielewa biashara nzima: hakuna takataka ambayo hapa duniani haina wa kuitaka, tatizo ni kumpata. Kisa cha peremende kinakuambia habari za mwenye duka na mchumba wake. Kisa cha kalamu kinakueleza duka lenyewe na kwa nini wewe uingie.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na nikiwa mkweli ndicho ninachokitegemea kuliko vyote. Jambo la mwanzo likiwa la kweli na la maana, huwa limeacha alama kwenye bidhaa, na mteja anaweza kuiona kwa macho yake. Wale wa aiskrimu ya Ben & Jerry's, kule Vermont, walianza mwaka 1978 kwenye kituo cha zamani cha mafuta, baada ya kusomea aiskrimu kwa kozi ya posta ya dola 5. Vizuri, inachekesha. Lakini jambo lenye uzito ni kwamba Ben Cohen pua yake hainusi, na asiyenusa ladha humpotea. Yeye alitegemea kutafuna, kwa hiyo aiskrimu yao ikajaa mapande makubwa ya biskuti na chokoleti. Fungua kopo, utayakuta. Hadithi ya namna hiyo mteja anaihakiki kwa kijiko.

Turudi jikoni kwa mama achari. Nasema jikoni kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo haya hayafanyiki ofisini wala kwa simu. Na kuna swali moja ambalo siulizi kabisa: “Ulianzaje?” Swali hilo limeshaulizwa mara nyingi, na jibu lake limeshasuguliwa mpaka likateleza. Nauliza vitu. Chombo gani ulichoanza nacho bado unacho? Nani wa kwanza kukulipa ambaye si ndugu wala rafiki? Mara ya kwanza kupoteza hela ilikuwaje? Siku hiyo nani mwingine alikuwepo? Kitu kina faida moja: kinaleta kumbukumbu ambayo mwenyewe hakuipanga.

Yeye akavuta beseni chini ya meza. Beseni jeupe lenye doa la bizari upande mmoja, doa lisilotoka. Nikauliza la lini. Akasema, “Hili nililoweka kanzu ya mtu.”

Kanzu ya nani tena?

Basi yakatoka. Wakati huo alikuwa anauza maandazi asubuhi. Jirani yake, mama mmoja wa Kibohora, kila msimu wa maembe hutengeneza achari ya nyumbani, naye ndiye aliyemfundisha. Mama achari akaona kuna biashara, akatengeneza chupa 36 za plastiki, akampa kondakta wa basi amfikishie dada yake Arusha akauze. Mnajua safari ya Arusha na joto la chini ya basi. Chupa 11 zilifika zimevimba, vifuniko vimeachia, na mafuta ya bizari yameingia kwenye begi la abiria ambaye ndani yake alikuwa na kanzu mpya ya harusi. Kanzu ikarudishwa Tanga kwa basi lilelile. Akailoweka, akaisugua, ikagoma. Ikabidi alipe shilingi 45,000.

Kwa nini zilivimba? Embe bichi lina maji mengi na sukari kidogo. Usipoyatoa maji, vijidudu vya kuchachua vinaendelea kula ile sukari ndani ya chupa na kutoa gesi, na joto linavihimiza. Plastiki inatanuka, kifuniko kinasalimu amri. Wengi humu mmeshayaona, ndiyo maana naona watu wanatazamana. Leo yeye vipande anavilaza kwenye chumvi usiku mmoja, anamwaga maji yaliyotoka, anavianika siku tatu mpaka ukikunja kipande kisitoe hata tone. Anatumia chupa za kioo zilizooshwa na kukaushwa juani, na mafuta yanasimama juu ya embe kwa upana wa kidole. Halafu kila mkupuo unakaa rafuni siku 14 kabla ya kuuzwa. Kifuniko kikiinuka, chupa hiyo haitoki.

Nikamwomba daftari la mauzo. Hapa ndipo wengi wenu mnaponishangaa, mnaona mwandishi wa maneno anataka daftari la nini. Nataka kujua mnunuzi ni nani. Tukapitia miezi miwili. Zaidi ya nusu ya chupa zilinunuliwa na watu wasiozila wenyewe: za mtoto anayesoma Dodoma, za shemeji wa Dar, za mtu anayerudi Muskati. Mtu anayenunua achari ya kusafirisha ana swali moja kichwani kabla hata ya kuuliza ladha: je, itavuja kwenye nguo zangu?

Mmeona? Hadithi ambayo mama achari aliificha kwa aibu, na kuweka bibi mahali pake, ilikuwa ndiyo jibu la swali la mteja wake.

Swali kutoka pale nyuma: “Sasa si unajiaibisha? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nani atanunua chupa iliyowahi kupasuka?”

Nashukuru, mzee wangu, hilo ni la haki. Kosa linafaa kusimuliwa likiwa limekwisha, na tiba yake ipo ndani ya chupa leo, inaonekana. Bila tiba, unatangaza ubovu tu. Na kuna makosa ambayo hayaingii kwenye lebo kabisa. Kama watu waliugua, hiyo si hadithi ya kuuzia. Hiyo ni taarifa ya kupelekwa kwa wanaohusika na usalama wa chakula, na waliougua wasimamiwe. Kanzu iliyochafuka ni jambo jingine. Kanzu inalipwa.

Na nyongeza nje ya swali: kuna hadithi nyingine inayoenea sana kwetu, ya umaskini na uyatima, ambayo wengi mliiandika mara ya kwanza kwenye fomu ya kuomba ruzuku. Kule ina kazi yake, mfadhili ameuliza. Ukiihamisha kama ilivyo kwenye chupa, mnunuzi anakuonea huruma mara moja. Mara ya pili anatafuta achari.

Tulipopata kisa sikuanza kuandika. Nilirudi kwenye isnadi. Nachukua karatasi, naandika kila dai kwenye mstari wake, kisha pembeni naweka alama ya aina tatu. Dai lenye ushahidi, yaani kuna risiti, ujumbe wa simu, picha au mtu mwingine aliyeshuhudia, linaingia. Dai linalokumbukwa na mwenyewe peke yake linaweza kuingia, ila liandikwe kama kumbukumbu. La tatu ni tamanio, lile ambalo mtu angependa lingekuwa kweli. Bibi alikuwa tamanio. Tulimtoa kwa heshima zote.

Ushahidi mzuri kwa wafanyabiashara wadogo uko kwenye simu. Mama achari aliapa kwamba basi lile lilikuwa la Desemba 2017, kwa sababu anakumbuka pilikapilika za sikukuu. Tukatafuta ujumbe wa malipo ya ile kanzu, bahati nzuri alikuwa hajafuta. Ulisoma Januari 9, 2018. Kulikuwa na pilikapilika kweli, lakini ni za shule kufunguliwa. Mtasema tofauti ya wiki chache inamkera nani. Haimkeri mteja. Ila ukishazoea kusema Desemba kwa sababu inapendeza, mwakani utasema chupa 100, na mwaka wa tatu utakuwa ulisafiri nazo mwenyewe. Hadithi ya mwanzilishi haiharibiki siku moja. Inanenepa kila inaposimuliwa, na msimulizi ndiye wa mwisho kuona. Kwa hiyo ile karatasi ya alama tatu aliibandika ndani ya mlango wa kabati, na anayemsaidia kuweka picha mtandaoni haruhusiwi kuongeza kitu kisichokuwemo.

Kuna lebo tatu pale nyuma zimeandika “tangu” na mwaka. Sitazitaja. Kama mlianza kuuza mtaani 2016 na kusajili biashara 2019, semeni hivyo hivyo, mambo mawili kwa sentensi moja. Mwaka wa kuzaliwa bibi si mwaka wa kuanza kampuni. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, haijasema maneno ya nyuma ya chupa ni likizo.

Sasa lile la kujisifu.

Watu wakitaka kupunguza umimi wanatafuta neno “mimi” wakalifute. Rudieni ile lebo ya kwanza niliyowasomea. Ina maneno 34. Neno “mimi” halimo hata mara moja! Kiswahili hakihitaji kulitamka, mtu anajificha ndani ya kitenzi. Chukueni kalamu mpigie mstari: nikiwa, nilipenda, nilirithi, nilipitia, sikukata, niliamka, nikaamua, najivunia. Vitenzi vinane, na vyote mtendaji ni yeye. Embe limetajwa mara ngapi? Hakuna. Jirani hayumo. Mteja kaingia kwenye sentensi ya mwisho tu, tena kama “Watanzania”, milioni zote kwa pamoja, kapokea ladha. Hata bibi, aliyebeba hadithi nzima, hakupewa kitenzi chake. Hilo ndilo linalomfanya msomaji aone mtu amesimama mbele ya kioo.

Wengine wakiambiwa hivyo wanakimbilia upande wa pili: “Kampuni ilianzishwa kwa lengo la kukidhi mahitaji ya walaji.” Ni-  imeondoka, lakini na binadamu wote wameondoka nayo. Hiyo ni lugha ya zabuni. Mimi natafuta watendaji wengine waliokuwepo siku ile. Kulikuwa na embe lisilokauka. Kulikuwa na basi, kanzu, chupa zilizovimba, dada aliyezipokea, jirani. Wape hao vitenzi. Mwanzilishi ataonekana tu, kwa sababu ndiye anayewasimulia.

Nikaandika rasimu hii:

“Januari 2018 chupa 36 za achari hii zilipanda basi kwenda Arusha. Chupa 11 zilivuja njiani, na kanzu mpya ya abiria mmoja ikageuka manjano. Embe lilikuwa halijakauka. Jirani yetu, aliyetufundisha achari, ndiye aliyegundua kosa. Tangu hapo kila kipande hulala kwenye chumvi usiku mmoja, huanikwa siku tatu, na kila chupa hukaa rafuni siku 14 kabla ya kuuzwa. Kifuniko kikiinuka, haiuzwi. Kama unampelekea mtu wa mbali, ifunge kwenye mfuko. Kanzu moja imetutosha.”

Sentensi ya mwisho aliitoa yeye, mimi nisingeithubutu.

Jirani kuwemo hakukuja kwa urahisi. Mama achari aliogopa: nikisema kuna aliyenifundisha, watu wataenda kununua kwake. Hofu hiyo naikuta kila mahali, nami nawaeleza kisa kimoja. Samahani kwa wasiopenda, ni cha kampuni ya pombe. Jack Daniel's ya Tennessee ilisimulia kwa miaka mingi kwamba kijana Jack alifundishwa kutengeneza wiski na mhubiri mmoja. Mwaka 2016, ikiadhimisha miaka 150, kampuni ikaanza kusema hadharani kwamba mwalimu wake alikuwa Nathan Green, waliyemwita Nearest, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtumwa. Mwaka uliofuata jina la Nearest likawa chapa ya wiski nyingine kabisa, ya watu wengine. Mtu uliyemwacha nje ya hadithi yako haachi kuwepo. Atakuja kusimuliwa siku moja, na wewe ndani ya hadithi hiyo utakuwa yule aliyenyamaza.

Upande wa pili wa jambo hilo ni ruhusa. Jirani ana haki ya kutaka kutajwa na ana haki ya kutotaka. Vivyo hivyo mume aliyekukopesha mtaji, mama aliyekuwa mgonjwa ukampikia uji wa lishe, mtoto mwenye mzio uliyemtengenezea sabuni. Hasa mtoto. Leo ana miaka minne hajui lolote, akifika sekondari atakuta ngozi yake imesimuliwa kwenye sabuni za wilaya nzima. Mimi siandiki habari za mtu wa tatu mpaka nimsomee mwenyewe, kwa sauti, nikiwa nimekaa mbele yake. Mtoto mdogo namwacha nje, basi.

Dada mmoja kaniuliza kwa karatasi: “Na kama mwanzo wangu hauna kisa? Niliona wenzangu wanauza karanga, nami nikauza.” Basi usiandike hadithi. Andika karanga zimetoka wapi, zimekaangwa lini, na zikifunguliwa zikae siku ngapi. Si kila pakiti inadaiwa wasifu wa mwenyewe, na msomaji aliyesimama dukani na mtoto mgongoni atakushukuru.

Nimalizie pale tulipokwenda kumsomea jirani. Alitupokea vizuri, chai ya tangawizi, kashata. Mama achari akaomba nisome mimi, yeye anaona haya. Nikasoma mpaka “ndiye aliyegundua kosa”. Yule mama akanyanyua mkono nisimame.

“Hapana mwanangu,” akasema. “Sikugundua mimi. Nilimwambia kabla. Siku tatu, nikamwambia, siku tatu. Huyu kaanika siku moja, akasema basi linaondoka.”

Nikamtazama mama achari. Anatazama kashata.

Hilo lilikuwa dai lililokumbukwa na mtu mmoja tu, nami kwa uzembe nililipa alama ya ushahidi. Tulifuta sentensi mbili palepale mezani na kuweka nyingine, na ndiyo iliyochapwa. Mkipita meza ya nne kutoka mlangoni mtaikuta. Inasema: “Jirani yetu aliyetufundisha achari alisema embe lianikwe siku tatu. Nilianika siku moja, nilikuwa na haraka ya basi.” Vitenzi vitatu vyenye ni- ukivitafuta kwenye lebo nzima hutavipata. Viko viwili, na vyote viko kwenye kosa.